Kura nyingi, viti vichache: mfumo wa uchaguzi humbeba nani?

(Hotuba niliyoitoa Tanga mbele ya walimu wa somo la uraia na wanafunzi wao wa kidato cha tano na cha sita. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, maelezo yanatosha.)

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi mliotenga muda wenu, na ninyi vijana wangu mliojaa huko nyuma: assalaam alaykum, Bwana asifiwe, na shikamooni wakubwa zangu.

Naomba nianze na swali, na kila mtu alijibu kimoyomoyo. Chama kikipata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa nchini, yaani kimevishinda vyama vingine vyote hata ukivijumlisha, je, chama hicho kitaunda serikali?

Naona vichwa vinatikisika kukubali. Ingekuwa nchi nyingine huenda ningesema mko sahihi. Lakini ukisimama hapa ufukweni ukatazama mashariki, kisiwa kilichoko mbele yako ni Pemba, na huko Pemba na Unguja, Julai 1963, jibu la swali hilo lilikuwa hapana.

Ulikuwa uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru wa Zanzibar. Viti vya kugombewa vilikuwa 31, kila jimbo kiti kimoja, na atakayeongoza kwa kura jimboni ndiye mbunge. Afro-Shirazi Party ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote. Zanzibar Nationalist Party, ambayo wazee wetu waliiita Hizbu, ilipata karibu asilimia 30. Zanzibar and Pemba People's Party ilipata kama asilimia 16. Sasa sikilizeni viti. ASP, yenye zaidi ya nusu ya kura, viti 13. Hizbu, viti 12. ZPPP, viti 6. Hizbu na ZPPP walikuwa wameungana, wakawa na 18 kwa 13, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa waziri mkuu.

Asilimia 54 ya kura, viti 13 kati ya 31. Nimerudia makusudi, kwa sababu nimekutana na wasomi wasioijua hesabu hii, na nimekutana na wengine wanaoijua lakini wanadhani lazima kulikuwa na kura zilizoibwa. Hapana. Hata kama kila kura ingehesabiwa kwa uaminifu mtupu, mfumo wenyewe ungeweza kutoa matokeo hayo. Na hili ndilo jambo la kwanza ninalotaka tuelewane: katika mfumo wa jimbo moja mshindi mmoja, swali la una wapiga kura wangapi ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili ni wanaishi wapi.

Chukueni karatasi, tufanye hesabu ndogo. Tuna majimbo matatu, kila moja lina wapiga kura 1,000, na vyama ni viwili tu. Jimbo la kwanza, chama cha kwanza kinapata 900 na cha pili 100. Jimbo la pili, chama cha kwanza 450 na cha pili 550. Jimbo la tatu vilevile, 450 kwa 550. Jumlisheni. Chama cha kwanza kina kura 1,800 kati ya 3,000, sawa na asilimia 60. Kina viti vingapi? Kimoja. Chama cha pili kina asilimia 40 na viti viwili, ndicho kinachotawala. Hakuna aliyeiba kura. Hakuna hata karatasi moja iliyoharibika. Shida ni zile 900. Katika jimbo lile kura 101 zilitosha kushinda; 799 zilizobaki hazikununua kitu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ASP. Kura zake zilirundikana katika ngome zake za Unguja, ambako ilishinda kwa tofauti kubwa kupita kiasi. Pemba ilipata kura nyingi pia, lakini zilitawanyika na kushindwa jimbo baada ya jimbo, ikaambulia viti viwili tu kisiwa kizima. Wenzao walifanya jambo la akili: Hizbu na ZPPP waligawana majimbo ili wasigombane wenyewe kwa wenyewe. Penye mgombea wa huyu, yule hakuweka. Mfumo huu huwalipa vizuri sana wanaojua kugawana.

Na kama viti vile 31 vingegawanywa kwa uwiano wa kura, ingekuwaje? Hesabu ni nyepesi: ASP 17, Hizbu 9, ZPPP 5. Kumi na saba katika 31 ni serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Mimi si mtu wa kusema mfumo wa kura ndio ulioleta Mapinduzi. Kulikuwa na ardhi, kulikuwa na makabila, kulikuwa na historia ndefu ya utumwa na ukoloni, na kulikuwa na ghasia za Juni 1961 zilizoua watu 68. Lakini nasema hivi, na nasema kwa uchungu: watu waliopiga kura kwa wingi kuliko wenzao, wakaambiwa wameshindwa, walikuwa na sababu ya kujiuliza kura ina faida gani.

Jambo moja dogo zaidi kuhusu Zanzibar kabla sijaondoka huko. Januari 1961, jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na ASP kwa kura moja. Kura moja! Matokeo ya nchi yakawa ASP 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda Hizbu na mmoja akaenda ASP, ikawa 11 kwa 11, na nchi ikalazimika kurudi kwenye uchaguzi miezi mitano baadaye. Vijana, fikirini: mtu mmoja wa Chake Chake angelala siku ile asiende kupiga kura, historia ingeweza kugeuka. Wakati huohuo kulikuwa na maelfu ya watu katika majimbo mengine ambao wangelala wote na pasingebadilika kitu. Kura hizo zina uzito sawa kwenye sheria. Kwenye mfumo, hazina.

Sasa msije mkadhani hili ni tatizo la visiwa vidogo au la Waafrika. Mfumo huu tuliurithi kwa Waingereza, na wao wenyewe bado wanao. Julai 2024 chama cha Labour kilipata karibu theluthi moja tu ya kura, kikachukua viti zaidi ya 400 kati ya 650. Katika uchaguzi huohuo chama cha Reform kilipata asilimia 14 ya kura na viti vitano. Liberal Democrats walipata asilimia 12, pungufu ya Reform, na viti 72. Sababu ni ileile. Kura za Reform zilitapakaa nchi nzima, kidogo hapa kidogo pale, wakawa wa pili au wa tatu mahali pengi. Wenzao walichagua majimbo yao, wakajikita huko.

Kwa hiyo mfumo huu humbeba nani? Humbeba chama kikubwa ambacho kura zake zimesambaa kwa wingi wa kutosha tu, si zaidi. Humbeba chama kidogo chenye eneo lake, kama ZPPP kule Pemba. Humwangusha mdogo aliyetawanyika. Na mara nyingine, kama tulivyoona, humwangusha hata mkubwa aliyerundikana mahali pamoja.

Naomba sasa mniruhusu niwapeleke Lesotho, na huko tutakaa. Katika nchi zote ninazozifahamu, hakuna iliyotufundisha somo hili kwa uwazi kama ile nchi ndogo ya milimani iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote.

Mwaka 1993 Lesotho ilifanya uchaguzi baada ya miaka mingi ya udikteta na utawala wa kijeshi. Viti vilikuwa 65. Basutoland Congress Party ilipata karibu robo tatu ya kura. Ilipata viti vingapi? Vyote 65. Basotho National Party ilipata zaidi ya asilimia 22 ya kura, na haikupata hata kiti kimoja. Zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano aliyepiga kura hakuwa na mtu wa chama chake bungeni, hata wa kusimama kuuliza swali.

Mwaka 1997 waziri mkuu Ntsu Mokhehle akagombana na chama chake mwenyewe, akatoka na wabunge wengi, akaanzisha Lesotho Congress for Democracy, LCD, na serikali ikahama naye. Mei 1998 wakaenda kwenye uchaguzi, safari hii majimbo 80. LCD ilipata takriban asilimia 61. Viti? Sabini na tisa kati ya 80. BNP yenye robo ya kura, kiti kimoja. Kile chama cha zamani, BCP, chenye kama asilimia 10, hakikupata kitu.

Hapa nataka mtulie kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapopotea. Tofauti na ASP ya 1963, LCD ilishinda kihalali kwa kipimo chochote. Asilimia 61 ni wengi kwelikweli. Kwa uwiano ingepata viti 49 hivi, na bado ingetawala peke yake. Mfumo haukumpa ushindi asiyestahili. Ulichofanya ni kumfuta aliyeshindwa. Na chama kilichofutwa, chenye robo ya nchi nyuma yake, hakina sababu ya kusubiri miaka mitano kwa utulivu, maana hakina kiti cha kukalia wakati kinasubiri.

Wapinzani wakasema kura zimeibwa. Wakapiga kambi kwenye lango la ikulu ya mfalme Maseru. Iliundwa tume chini ya jaji Pius Langa wa Afrika Kusini kuchunguza. Ikaona kasoro, lakini haikupata msingi wa kusema kwamba matokeo hayakuwa matakwa ya wananchi. Haikusaidia. Wanajeshi wadogo wakawaasi wakubwa zao, na Septemba 1998 majeshi ya Afrika Kusini, kisha ya Botswana, yakaingia kwa jina la SADC. Watu wakafa, wakiwemo askari waliopigania bwawa la Katse. Katikati ya mji wa Maseru kukateketea. Maduka yaliporwa na kuchomwa.

Walipokaa kuzungumza, waliunda chombo cha mpito ambamo kila chama kati ya vyama 12 vilivyogombea kilituma watu wawili. Angalieni busara ya hesabu hiyo: chama chenye viti 79 kilituma wawili, chama kisicho na kiti kilituma wawili. Mabishano yalikuwa marefu. Serikali ilitaka mfumo wa majimbo ubaki. Wapinzani walitaka uwiano. Mwishoni wakavichanganya: majimbo 80 yabaki yalivyo, na juu yake viti 40 vya fidia. Bunge la watu 120.

Mfumo huo ulifanyaje kazi? Mwaka 2002 mpiga kura wa Lesotho alipewa karatasi mbili. Ya kwanza alichagua mbunge wa jimbo lake, kama kawaida. Ya pili alichagua chama. Kisha tume ya uchaguzi inauliza kila chama maswali mawili. La kwanza: kwa kura zako za chama, unastahili viti vingapi katika viti 120? La pili: umeshapata vingapi kwenye majimbo? Ukipunguza cha pili kwenye cha kwanza, kinachobaki ndicho unachofidiwa kutoka kwenye orodha yako. Aliyekwisha kushiba majimboni haongezwi.

Tuhesabu pamoja. LCD ilipata karibu asilimia 55 ya kura za chama. Asilimia 55 ya 120 ni 66. Lakini kwenye majimbo ilikuwa imeshachukua 79. Fidia yake? Sifuri, kwa kuwa imezidi stahili yake kwa viti 13. Na hivyo 13 vya ziada haikunyang'anywa, maana huwezi kumfuta mbunge aliyechaguliwa na watu wa jimbo lake. BNP ilipata zaidi kidogo ya asilimia 22, kwa hiyo ilistahili viti 26 au 27. Majimboni haikupata hata kimoja. Je, ilipewa 27? Hapana, ilipewa 21. Kwa nini? Kwa sababu bunge ni la watu 120, haliongezeki. LCD ikishakalia 79, zinabaki 41 za kugawana wengine wote, na zile 13 zilizozidi zimetoka mfukoni mwao. Ujerumani, wanaotumia mfumo wa ukoo huu, kwa miaka kadhaa walilitatua jambo hilo kwa kuongeza viti vya bunge hadi uwiano utimie, na bunge lao likanenepa hadi kupita wabunge 700. Lesotho hawakuwa na fedha ya mambo hayo.

Lakini tazameni tofauti. Mwaka 1998 upinzani wote ulikuwa na kiti kimoja. Mwaka 2002 ulikuwa na viti 41, vyama tisa. Na Maseru haikuwaka moto.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo, na hili ndilo jambo la pili ninalotaka mlibebe: mfumo wowote ukishatungwa, kuna watu watakaa usiku kucha kutafuta tundu lake.

Mwaka 2007 Lesotho ilikwenda tena kwenye uchaguzi. LCD ilijua kwamba ikishinda majimbo mengi haitapata fidia. Basi ikafanya nini? Ikaingia mkataba na chama kidogo, National Independent Party. LCD ikaweka wagombea majimboni, lakini kwenye karatasi ya chama ikakaa kando na kuwaambia wafuasi wake wampigie NIP, na watu wa LCD wakawekwa kwenye orodha ya NIP. Chama kipya cha Thomas Thabane, All Basotho Convention, nacho kikafanya vilevile na Lesotho Workers' Party.

Sasa tume inauliza maswali yake yaleyale. LCD, una kura ngapi za chama? Sina. Umeshinda majimbo mangapi? 61. Haya, hufidiwi. NIP, una kura ngapi za chama? Zaidi ya nusu ya zote! Umeshinda majimbo mangapi? Hata moja. Basi pole, chukua viti 21 vya fidia. Mnaona kilichotokea? Mtu mmoja aliye na majina mawili. Kwa jina la kwanza ameshiba, kwa jina la pili anahesabiwa mwenye njaa. Kwa kura zile, wawili hao kama wangehesabiwa kuwa kitu kimoja, walistahili viti 62 hivi. Wakaondoka na 82. Mfumo uliowekwa kuwafidia wanyonge ukamfidia mwenye nguvu.

Walimu, mkiulizwa darasani mtu atajuaje kwamba tundu hilo limetumika, ishara ni hii: chama kikubwa kinachoongoza majimboni halafu hakionekani kabisa kwenye karatasi ya chama, na chama kisichojulikana kinachoibuka na nusu ya kura bila jimbo hata moja. Ukiona hivyo, usitafute maelezo mengine.

Baada ya mgogoro mrefu na usuluhishi wa SADC kupitia Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana, sheria mpya ya uchaguzi ya 2011 ikaziba tundu. Waliliziba kwa njia rahisi ajabu: karatasi mbili zikawa moja. Ukimpigia mgombea wa chama fulani jimboni, kura hiyohiyo inahesabiwa kuwa ya chama chake kitaifa. Huwezi tena kugawanya majina. Kuna gharama yake, lazima niseme: mpiga kura anayempenda mbunge wa chama hiki na sera za chama kile amenyimwa nafasi ya kusema yote mawili.

Uchaguzi wa 2012, wa kwanza chini ya sheria hiyo, hakuna chama kilichopata nusu. Waziri mkuu Pakalitha Mosisili, aliyekuwa madarakani tangu 1998, alipata viti 48 na chama chake kipya, baada ya kuiacha LCD. Thabane akakusanya 30 vyake, 26 vya LCD na 5 vya BNP. Jumlisheni: 61 kati ya 120. Mosisili akaondoka kwa amani. Nchi ile ile iliyoteketea 1998, kiti kimoja tu cha ziada, na mtu akakabidhi ofisi.

Je, wakaishi raha mustarehe? La. Serikali ya vyama vitatu yenye ziada ya kiti kimoja ni serikali inayoweza kuangushwa na mtu mmoja aliyekasirika. Ikaanguka. Lesotho ikarudi kwenye uchaguzi 2015, na tena 2017, chaguzi tatu ndani ya miaka mitano. Wanaotetea mfumo wa majimbo huishika hoja hii, na ni hoja ya kweli: uwiano huwabeba vyama vya kati na vidogo, hadi chama cha viti vitano kinakuwa ndicho kinachoamua nani awe waziri mkuu. BNP yenye viti 5 mwaka 2012 ilikuwa na nguvu kuliko BNP yenye 21 mwaka 2002. Mimi nimeshapima, na bado naona afadhali serikali inayoanguka bungeni kuliko mji unaoanguka kwa moto. Lakini anayepima tofauti nami hajakosa akili.

Jambo la tatu nitalipitia kwa haraka, maana naona mwenyekiti anatazama saa. Ni kuhusu nani anayeandika orodha.

Afrika Kusini nao wana hadithi yao ya kura nyingi na viti vichache. Mwaka 1948, kura zikiwa karibu zote za Wazungu peke yao, chama cha Jenerali Smuts kilipata karibu nusu ya kura. Chama cha Malan na mshirika wake hawakufika asilimia 42. Lakini majimbo ya mashambani yaliruhusiwa na sheria kuwa na watu wachache kuliko ya mijini, na kura za Smuts zilirundikana mijini. Malan akapata serikali, na serikali hiyo ikaleta apatheidi. Kwa hiyo 1994 walipojenga upya, walikwenda upande wa pili kabisa: viti 400, orodha za vyama, hakuna jimbo, hakuna hata asilimia ya chini inayotakiwa. ANC, takriban asilimia 63 ya kura, viti 252, ambavyo ni asilimia 63. Chama kilichopata chini ya nusu ya asilimia moja kilipata viti viwili. Uwiano mtupu.

Lakini muulize mkazi wa kijiji cha Limpopo mbunge wake ni nani. Hana. Ana chama. Mbunge wa orodha anajua kwamba aliyemweka nafasi ya 30 anaweza kumshusha hadi ya 300, na huyo si mpiga kura, ni kamati ya chama. Kwa hiyo uwiano huu, pamoja na haki yake yote, humbeba pia bosi wa chama. Mwananchi asiye na chama hakuweza kabisa kugombea ubunge wa taifa, mpaka Mahakama ya Katiba ilipoamua Juni 2020 kwamba hilo linakiuka katiba, na sheria ikabadilishwa ili mgombea binafsi aruhusiwe.

Nimalizie nyumbani, kwa sababu najua vijana mnasubiri mtihani na swali hili hulipati kitabuni. Tanzania tuna majimbo ya mshindi mmoja, lakini tuna pia viti maalum vya wanawake. Vinagawanywaje? Chama lazima kifikishe angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kisha kila kilichofikisha kinapewa kwa uwiano wa kura zake. Kwa uwiano wa kura, si wa viti. Kenya, jirani zetu, wana wabunge 12 wa kuteuliwa katika Bunge la Taifa, na katiba yao inauita utaratibu huo uwakilishi wa uwiano. Lakini wao wanagawa kwa uwiano wa viti ambavyo chama kimeshashinda. Kwa hiyo upotofu wowote uliotokea majimboni, kama ule wa mfano wetu wa 900 na 100, unanakiliwa tena kwenye viti vya kuteuliwa.

Vyetu hapo vina unafuu. Lakini je, ni fidia kama ya Lesotho? Hapana. Lesotho wangekiuliza chama: umeshapata vingapi majimboni? Sisi hatuulizi. Chama kilichozoa karibu majimbo yote kwa asilimia 60 ya kura kinachukua bado asilimia 60 ya viti maalum juu yake, au zaidi ikiwa kuna vyama vilivyoshindwa kufikisha asilimia 5, maana kura za hao haziingii kwenye mgawo. Viti maalum viliwekwa kuingiza wanawake bungeni, na kazi hiyo vinaifanya. Kazi ya kurekebisha uwiano kati ya vyama haviifanyi ila kwa kiasi kidogo, kwa vile vinajumlishwa juu ya viti vya majimbo bila kuvitazama.

Walimu, mkirudi darasani, chukueni matokeo ya uchaguzi wowote mnaoujua, wa hapa au wa nje. Andikeni safu mbili ubaoni: asilimia ya kura, asilimia ya viti. Halafu waacheni wanafunzi waulize kwa nini safu hizo hazilingani. Nipo tayari kwa maswali, na naomba tuanze na dada yule aliyenyoosha mkono tangu tulipokuwa Chake Chake.